Slaidi Moja, Neno Moja, Jamani!

Msyuu! Wazee wangu, nisikilizeni kidogo kabla kahawa haijapoa. Wiki hii tena nimekaa kiti cha nyuma kabisa kwenye chumba cha semina, pale ninapokaa siku zote nikishafunga projekta, nikamtazama binti wa watu mwenye utafiti mzuri akizamishwa na slaidi zake mwenyewe. Utafiti ni mzuri, nasema tena. Lakini jopo halikuuona.

Kwa ambao hamjawahi kuingia chumba kile, mambo yako hivi. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili, kabla hajaruhusiwa kwenda uwandani, anasimama mbele ya walimu kutetea pendekezo lake la utafiti. Anapewa dakika 15 za kuzungumza, halafu yanafuata maswali. Mwishoni wanamwambia nenda, au karekebishe, au rudi ukaanze upya. Walimu wamepewa andiko lake zima siku nyingi kabla, ila wengine wamelisoma na wengine wanalifungua wakiwa wamekaa kitini. Kwa hiyo kile kinachoonekana ukutani ndicho kinachowashika wote kwa pamoja. Kikiwa kimevurugika, kila mmoja anavurugika kivyake, na maswali yanayokuja baada ya hapo hayamhusu tena mwanafunzi wala utafiti wake.

Binti huyu anatoka upande wa Arumeru, kule ambako maji ya chini ya ardhi yana floraidi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano. Mmewaona watu wa kule wenye meno ya kahawia, ndiyo hiyo. Ikizidi sana na kwa miaka mingi, haiishii kwenye meno, inaingia kwenye mifupa. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Anachotaka kufanya ni kupima machujio ya nyumbani yanayotumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ajue yanadumu muda gani kabla ya kuchoka. Swali la maana sana hilo, maana floraidi haina rangi wala ladha, na chujio likichoka mama mwenye nyumba hawezi kujua. Anaendelea kuwapa watoto maji akidhani yamechujwa.

Sasa tazameni alivyolileta. Slaidi ya tatu, juu imeandikwa "Usuli wa Utafiti". Chini yake vidoti saba. Kidoti cha kwanza floraidi ni nini. Cha pili Bonde la Ufa. Cha tatu meno. Cha nne kipimo cha Shirika la Afya. Cha tano kipimo cha zamani cha Tanzania, ambacho kwa miaka mingi kiliruhusu hadi miligramu 4. Cha sita njia za kuondoa floraidi. Cha saba mkaa wa mifupa. Slaidi ya nne juu imeandikwa "Usuli wa Utafiti (unaendelea)". Aka! Unaendelea kwenda wapi?

(Slaidi zenyewe ni za Kiingereza kwa kuwa ndivyo chuo kinavyotaka. Hapa nawasimulia kwa lugha yetu, na namba za visima vyake nimezibadilisha.)

Mwalimu mmoja akasoma vidoti vyote saba kwa macho, akafika cha tano, akasimama hapo hapo. "Kwa nini unatumia 1.5 na wakati tulikuwa na 4?" Binti bado yuko kidoti cha pili. Akaanza kujibu, dakika tatu zikaondoka, na jambo lenyewe la mkaa wa mifupa halijatajwa. Mnaona kilichotokea? Mwalimu hakukosea. Aliwekewa mambo saba mbele yake, akachagua moja. Ukiweka mambo saba, unamwachia msikilizaji achague, na hatachagua lile unalolitaka wewe.

Fundi viatu wetu hapa akaniuliza, sasa yeye angefanyaje, na yote yale ni ya kweli na yanahitajika? Swali hilo ndilo nililomuuliza binti mwenyewe tulipotoka, tukiwa tunakunja nyaya. Nikamwambia, dada, hebu funga kompyuta. Niambie kwa sentensi moja ile slaidi ya tatu ilikuwa inasema nini. Akafikiri, akasema: "Visima vingi vya kata ile vina floraidi kupita kipimo, na watu wanakunywa maji yake." Nikamwambia basi hiyo ndiyo iandike juu. Siyo "Usuli". Andika sentensi yenyewe, nzima, yenye kitenzi, mtu akiisoma hata kama umenyamaza ajue unadai nini. Chini yake weka kitu kimoja tu kinachothibitisha dai hilo, na hapo ni grafu ya visima. Vidoti vyote saba viondoke. Floraidi ni nini utaisema kwa mdomo. Meno utayasema kwa mdomo. Hilo la 1.5 na 4 liwekee slaidi ya akiba nyuma, ukiulizwa unaifungua.

Namna hii si ya kwangu. Yuko Michael Alley wa Chuo Kikuu cha Penn State kule Marekani, amewafundisha wahandisi na wanasayansi kwa miaka mingi jambo hili hili: kichwa cha slaidi kiwe sentensi yenye dai, na mwili wa slaidi uwe ushahidi unaoonekana badala ya orodha ya maneno. Ila kwenye kutetea pendekezo kuna jambo la kuangalia, na hapo wengi wanateleza. Pendekezo halina matokeo. Mtu akishajifunza kuandika madai, anaanza kudai asichokijua: "Mkaa wa mifupa unalinda afya ya jamii." Nani kakwambia? Si ndicho unachotaka kwenda kukipima? Kwenye pendekezo madai yako ni ya aina chache. Unadai kwamba tatizo lipo. Unadai kwamba kuna kitu hakijajulikana. Unadai kwamba njia uliyochagua inaweza kulijibu swali lako, na kwamba muda na fedha vinatosha. Zaidi ya hapo unajiitia maswali usiyoweza kuyajibu.

Tukakaa naye pale pale kwenye ngazi, akaandika upya vichwa vyake kwenye daftari. Cha pili aliandika hivi: "Mkaa wa mifupa huondoa floraidi, lakini hatujui chujio la nyumbani linachoka lini." Nilipowasimulia hapa, mzee wetu mstaafu wa ukaguzi wa hesabu akasonya papo hapo. Akasema hayo ni maneno mawili. Fundi viatu akabisha, hiyo ni sentensi moja na jambo moja. Wakabishana mpaka kashata ikaisha. Mimi nawapa kipimo ninachokiamini: tazama ushahidi. Nusu ya kwanza inahitaji picha ya chujio, maji yanaingia juu na floraidi inashikwa na mkaa katikati. Nusu ya pili inahitaji jedwali dogo la tafiti zilizopita, likionyesha zilipimwa maabara na siyo majumbani. Picha mbili, basi slaidi mbili. Kama nusu zote mbili zingethibitishwa na picha ile ile moja, ningemwachia sentensi yake ilivyo, hata ingekuwa na "lakini" tatu. Mzee alikuwa sahihi, ingawa sababu yake ilikuwa nyingine.

Mwishowe vichwa vikasomeka hivi, kimoja baada ya kingine. Visima vingi vya kata hii vina floraidi kupita kipimo. Mkaa wa mifupa hushika floraidi iliyo kwenye maji. Tafiti tulizozipata zilipima machujio maabara, siyo jikoni. Nitafuata machujio 30 majumbani kwa miezi 6, nikipima maji kila wiki. Chujio nitalihesabu limechoka pale maji yanayotoka yatakapozidi 1.5. Hebu visikilizeni tena bila picha yoyote. Si mnaelewa mtu huyu anataka kufanya nini na kwa nini? Hicho ndicho kipimo cha slaidi zote kwa pamoja: nakili vichwa peke yake kwenye karatasi, mpe mtu asiye wa fani yako avisome. Akikwama mahali, hapo ndipo jopo nalo litakwama. Na ukijaribu na slaidi za wengi wa wanaokuja pale, utasoma "Utangulizi, Tatizo, Malengo, Mbinu, Ratiba, Bajeti", yaani andiko la mtu yeyote duniani.

Haya, tuje kwenye grafu, maana hapo ndipo mimi wa kiti cha nyuma ninapoumia zaidi.

Grafu yake ilikuwa na visima 12 na misimu mitatu. Pau 36! Rangi tatu, ufunguo wa rangi umebanwa pembeni, majina ya visima yamesimama wima kama nguzo ili yaenee, na mistari miwili ya kipimo, ule wa 1.5 na ule wa 4, yote ya vitone. Aliitoa kwenye andiko lake la Word akaibandika kwenye slaidi kama picha, akaipunguza ili ikae pembeni ya vidoti. Kwenye karatasi ilisomeka vizuri tu. Ukutani mimi niliona rangi, sikuona neno.

Ngoja niwapigie hesabu, wala si ngumu. Slaidi ya PowerPoint ina kimo cha inchi 7.5, ambazo ni pointi 540. Chumba chetu kina skrini yenye kimo cha mita moja na nusu. Herufi za pointi 18 ni sehemu moja ya thelathini ya kimo hicho, kwa hiyo mstari mmoja unachukua sentimita 5, na herufi ndogo kama "a" au "e" inapata karibu nusu yake, sentimita mbili na nusu. Kutoka kwangu mpaka skrini ni kama mita 9, na ukubwa huo nausoma bila kukunja uso. Sasa namba za kwenye grafu za Excel kwa kawaida zinakuja na pointi 9 au 10. Ukiibandika kisha ukaipunguza nusu, zinabaki pointi 5. Herufi ndogo ukutani inakuwa na milimita saba. Mita 9, milimita saba! Mwalimu wa miaka 60 ataisoma na nini?

Kwa hiyo grafu ya slaidi haitolewi kwenye andiko, inachorwa upya kwa ajili ya chumba. Ichore kwa ukubwa ule ule itakaokaa kwenye slaidi, isipunguzwe wala kuvutwa tena, na maandishi yake yote yawe pointi 18 kwenda juu. Kichwa cha slaidi kiwe 28 au zaidi. Ukishafanya hivyo utagundua mara moja kwamba pau 36 haziingii. Usihuzunike. Chumba kinakwambia kwamba ulikuwa unataka kuonyesha vitu vingi mno.

Dai lake lilikuwa nini? Kwamba visima vingi vimezidi kipimo. Je, dai hilo linahitaji misimu mitatu? Halihitaji. Akabaki na kiangazi peke yake, na misimu mingine ikaenda slaidi ya akiba. Pau 12 tu. Akazilaza badala ya kuzisimamisha, majina ya visima yakalala kama watu wanavyosoma. Akazipanga kutoka kubwa mpaka ndogo; mwanzo zilikuwa zimepangwa kwa alfabeti, na alfabeti haina habari yoyote kuhusu floraidi. Ule mstari wa 4 akaufuta, akabaki na mmoja wa 1.5, mweusi, mnene, na juu yake pameandikwa "kipimo: 1.5". Ufunguo wa rangi ukaondoka, kwa kuwa sasa rangi ni mbili tu: kijivu kwa visima vingine, na bluu iliyokoza kwa vile vitatu ambavyo kaya zake ndizo atakazozifuata. Kwenye ncha ya kila pau akaandika namba yake, na kwa kuwa namba zipo, mistari ya nyuma ya grafu nayo akaifuta. Mtu yeyote akiingia chumbani kwa kuchelewa anaona pau 9 zimevuka mstari na 3 hazijavuka. Kichwa kinasema hivyo hivyo. Kazi imekwisha.

Kuhusu rangi niongeze jambo, kwa sababu kompyuta inadanganya. Njano kwenye weupe, kijani hafifu, rangi ya chungwa iliyopauka, vyote hivyo kwenye kioo cha kompyuta vinaonekana vizuri. Projekta yetu ni ya siku nyingi na madirisha hayana mapazia mazito, saa nne asubuhi jua linaingia moja kwa moja. Njano inatoweka kabisa. Nyekundu na kijani vikiwa vimekaa pamoja, wapo watu, hasa wanaume, wasioweza kuvitofautisha. Giza na mwanga ndivyo vinavyosalimika kila mahali. Ibadilishe grafu yako iwe nyeusi na nyeupe uone. Ikiwa bado inaeleweka, ipeleke.

Kuna balaa lingine la mashine ambalo mwanafunzi haambiwi. Slaidi za siku hizi ni pana, 16:9. Projekta nyingi za zamani ni 4:3. Ukirusha slaidi pana kwenye projekta ya namna hiyo, juu na chini panabaki utepe mweusi, na picha yako inapoteza robo ya kimo. Zile sentimita 5 zinakuwa chini ya nne. Kwa hiyo nenda siku moja kabla, muulize mtu wa projekta. Ikiwa ni ya 4:3, kwenye PowerPoint fungua Design, kisha Slide Size, chagua Standard (4:3), halafu upange upya vilivyohama. Fanya kazi hiyo nyumbani, jopo likishakaa hapana nafasi tena.

Na kama huwezi kufika chumbani? Jaribu hapo ulipo. Mimi wa nyuma niko mbali na skrini mara sita ya kimo chake. Kioo cha kompyuta ya kawaida ya inchi 15 kina kimo cha kama sentimita 19, mara sita ni mita moja na kidogo. Lakini kioo cha kompyuta kinang'aa kuliko ukuta wetu, kwa hiyo ongeza, simama mita mbili. Fungua slaidi ijae kioo chote, rudi nyuma hatua mbili kubwa na nusu, usome kila neno. Neno usiloweza kulisoma hapo, liongeze ukubwa au lifute. Hakuna njia ya tatu.

Mzee mstaafu aliniuliza juu ya ratiba na bajeti, maana hivyo vyuo vinalazimisha viwepo. Ni kweli, na siwezi kumwambia mtu avitoe. Lakini hata hapo kuna neno moja la kusema. Chati ya ratiba yenye miezi 24 na shughuli 15 haisomeki na mtu yeyote. Jopo linachotaka kujua ni kama kazi ya uwandani itaangukia msimu sahihi na kama kuna muda wa kuandika. Shughuli tano, robo za mwaka badala ya miezi, na kichwa kinachosema "Sampuli zote zitakusanywa kabla ya masika." Bajeti vivyo hivyo: onyesha mafungu manne, useme lipi ni kubwa na kwa nini. Jedwali zima limo kwenye andiko, wanalo mkononi. Kile kiunzi cha dhana nacho, chenye visanduku kumi na mishale inayopishana, kikibidi kuwepo kijenge kwa slaidi mbili tatu zinazofuatana: kwanza visanduku viwili vya msingi, kisha ongeza kinachofuata, ukieleza kila kinapoingia.

Wapo wanaosema ukifanya hivi slaidi zinakuwa nyingi. Baadhi zinagawanyika, ndiyo, ila nyingi zinatoka kabisa. Binti alikuwa na 22 zilizojaa. Alibaki na 12 za kusema na 6 za akiba baada ya ile ya mwisho. Kwa dakika 15, zile 12 zinatosha na kupumua unapumua. Na hizo za akiba asizitafute kwa kurudi nyuma moja moja huku watu wanasubiri. Ziwe na namba kwenye pembe, na namba hizo aziandike kwenye kikaratasi. PowerPoint ikiwa inaonyesha, unabonyeza namba ya slaidi kisha Enter, unafika. Swali la 1.5 na 4 likija, anabonyeza 14, anajibu kwa nusu dakika akiwa na grafu mbele yake. Swali lile lile lililomwangusha.

Ameambiwa akarekebishe, arudi mwezi ujao. Atapita, kwa maana utafiti haukuwa na kasoro hata siku ile. Kinachonikera mimi ni kwamba mwezi mzima wa kiangazi umekwenda, na kiangazi ndicho alichokuwa anakihitaji kwa sampuli zake.

Kwa hiyo ombi langu liende kwa waratibu wa semina, maana najua wengine hupita hapa kunywa kahawa. Tangazo lenu la siku ya kutetea huwa linataja chumba, saa na majina ya jopo. Ongezeni mistari miwili: umbo la projekta, na umbali kutoka kiti cha mwisho hadi skrini. Na mwacheni mwanafunzi aingie jioni ya siku iliyotangulia, arushe slaidi zake ukutani, aje akae pale nyuma ninapokaa mimi. Ufunguo wa chumba ninao, na sitamkatalia mtu.